Kupalilia Bila Kukatika Kiuno: Mpini, Nyonga na Ndoo ya Maji

Masika yakikaribia, maswali huwa ni yale yale. Nivae mkanda gani wa mgongo? Ninywe dawa gani? Kuna zoezi gani la kuondoa maumivu ya kiuno? Huniuliza majirani huku Kibosho, ndugu wa Arumeru, na hata watu ninaokutana nao tu kwenye daladala ya kushuka Moshi mjini wakisikia niliwahi kukazika mgongo nikapona. Nimeona niandike mara moja.

Jibu langu huwa haliwafurahishi, maana naanza na mpini. Mazoezi yapo na nitayaeleza, lakini ukijenga nguvu miezi miwili kisha ukarudi shambani na jembe lako la mpini wa mita moja kasoro, utainama vile vile na mgongo utauma vile vile. Utakachokuwa umeongeza ni uwezo wa kuinama muda mrefu zaidi kabla haujauma.

Mwongozo huu ni wa palizi, hasa palizi ya mahindi na maharage kwenye mashamba ya tambarare, kwa sababu ndiyo kazi inayokuweka umeinama siku nyingi mfululizo. Kulima kwa nguvu nitakugusia kidogo. Mfano nitakaoutumia ni wa mama yangu mdogo, mwenye miaka 52, anayelima ekari moja huko chini Mabogini. Yeye maumivu yake yalikuwa ya kila msimu: mistari mitatu ya mahindi, kisha anashika kiuno na kukaa chini.

Kwanza hakikisha huo ni mgongo wa jembe

Maumivu ya jembe yana tabia yake. Huongezeka ukiinama, hupungua ukitembea au ukilala, na hukaa kiunoni, wakati mwingine yakigusa makalio. Ukiona mambo haya hapa chini, acha mwongozo huu uende hospitali:

- Ganzi sehemu za siri au katikati ya mapaja, au mkojo na choo vimeanza kukutoka au kukataa kutoka. Hapo hungoji kesho, unakwenda leo leo.
- Mguu umelegea, unajikwaa kwa sababu kanyagio haliinuki.
- Umeanguka kutoka kwenye mparachichi au bodaboda ndipo mgongo ukaanza.
- Homa, jasho la usiku, kupungua mwili, au maumivu yanayokuamsha usiku hata ukiwa umelala umetulia.

Hilo la mwisho nalisisitiza kwa sababu huku kwetu tunafuga. Kifua kikuu kinaweza kukaa kwenye uti wa mgongo bila kikohozi chochote. Vilevile bruselosisi, ugonjwa unaotoka kwa ng'ombe na mbuzi kupitia maziwa mabichi au kuzalisha mnyama kwa mikono mitupu, huleta homa za kuja na kuondoka pamoja na maumivu ya kiuno. Mtu anaweza kulaumu jembe mwaka mzima kumbe tatizo liko bandani. Mjamzito naye aulize kliniki kabla ya kuanza mazoezi haya.

Kwa nini kiuno kinauma, kwa ufupi

Simama, nyoosha magoti, inama mpaka mikono iguse nyasi. Ukifika mwisho kabisa utahisi kama mgongo umepumzika. Ni kweli, misuli ya mgongo imenyamaza, na uzito wa kichwa, mabega na mikono sasa unaning'inia kwenye kano za uti wa mgongo, kama nguo kwenye kamba. Kano zikivutwa hivyo dakika 20 zinalegea, na hazirudi zilivyokuwa mara tu unaposimama. Zinahitaji nusu saa au zaidi. Ndiyo maana watu wengi hawaumii wakiwa wanapalilia. Wanaumia walipomaliza, wakainua debe la maji au kumbeba mtoto.

Vitu vya kuwa navyo

Jembe moja la zamani lililolika. Usinunue jipya kwa ajili ya palizi. Jembe lililokwisha nusu ni jepesi, na kwenye palizi unakata majani, huchimbi shimo. Lile kubwa jipya liache kwa ajili ya kulima.

Mti wa mpini, mnyoofu, mkavu, unene ambao ukiushika kidole gumba na cha kati vinakaribia kugusana. Mkaratusi unafaa. Mbuni ni mgumu sana na wazee waliupenda, ila kupata mnyoofu wa urefu tunaoutaka ni bahati. Ukikata mti mbichi, uache kivulini wiki kadhaa. Ukiuchomeka mbichi utanywea na jembe litaanza kucheza katikati ya shamba.

Tupa ya kunolea, kipande cha chupa au msasa wa kulainisha mpini, na kabari ya mti mgumu.

Kwa mazoezi: fimbo nyoofu inayotosha kutoka kisogoni hadi makalioni na zaidi, mkeka, ndoo ya lita 20 yenye mkono mzuri, na kreti tupu ya soda.

Hatua ya 1: Pima mpini kwa mwili wako

Simama wima na viatu unavyovaa shambani. Simamisha mti kando yako. Kata mahali palipo kati ya kwapa na kidevu. Kwa mtu mwenye urefu wa sentimita 160, hapo ni kama sentimita 125 hadi 140. Ukiwa na shaka, kata mrefu, maana mrefu unapunguzika.

Lainisha sehemu yote ambayo mikono itapita. Kwenye mpini mrefu mikono hutelezateleza kuliko kwenye mfupi, na ukiwa na vijiti vya mkwaruzo utapata malengelenge siku ya kwanza, kisha utaurudia mfupi wako na kusema nilikudanganya.

Mama mdogo alipouona mpini huu alicheka. "Huu ni wa kufagilia kanisa," akasema. "Jembe refu ni la mvivu." Nikamwambia, "Sawa mama mdogo, nipe mistari miwili tu." Ujue na wewe utachekwa, hasa ukipalilia karibu na njia. Kwetu mwanamke aliyeinama ndiye anayeonekana anafanya kazi. Huko Kalifonia, Marekani, jembe la mpini mfupi lilipigwa marufuku mashambani mwaka 1975 kwa sababu ya migongo ya vibarua, baada ya wenye mashamba kushikilia kwa miaka kwamba bila kuinama kazi haiwi safi. Ile hoja ya mama mdogo, basi, imeshasafiri mbali.

Hatua ya 2: Jaribu mkao wa jembe

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Wanabadilisha mpini bila kuangalia bapa la jembe limekaaje, kisha wanasema jembe refu halikati.

Simama wima kama unavyotaka kupalilia, nyosha jembe mbele yako hatua moja ndogo, liweke chini bila kulisukuma. Angalia makali. Yanatakiwa yaguse udongo yakiwa yamelala, yameelekea chini kidogo tu, kama kisu unapotaka kumenya ngozi ya ndizi bila kukata ndizi yenyewe. Ukiona makali yako hewani na kinachogusa chini ni mgongo wa jembe, limefungwa mno. Ukiona yamesimama kama msumari, limefunguka mno, litachimba badala ya kukata, na kila pigo utalazimika kulivuta kwa kiuno.

Marekebisho madogo unayafanya kwa kuchonga kichwa cha mpini upande mmoja na kugonga kabari upande wa pili. Likiwa limepinda sana, mpelekee fundi wa vyuma alipashe moto na kulirekebisha. Usiligonge baridi, litapasuka shingoni.

Kisha noa. Piga tupa upande mmoja tu, ule ule uliokuwa umenolewa tangu mwanzo, mpaka makali yakate jani bichi la hindi ukilipitisha. Jembe butu ndilo linalomfanya mtu ainue mikono juu na kupiga. Kwenye palizi nzuri hupigi, unavuta. Mimi nabeba tupa mfukoni na kunoa kila nikimaliza mistari minne au mitano, na ule muda wa kunoa ni mapumziko ya mgongo pia.

Hatua ya 3: Jifunze kukunjika kwenye nyonga

Mpini mrefu haukuzuii kuinama kabisa. Utainamia shina, utang'oa ndago lililoshikana na maharage. Kwa hiyo lazima ujue mahali pa kukunja mwili.

Shika fimbo uiweke wima mgongoni. Iguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na mfupa ulio juu ya makalio. Mkono mmoja uishike nyuma ya shingo, mwingine kiunoni. Simama ukiupa ukuta mgongo, visigino vikiwa mbali na ukuta kwa urefu wa kanyagio moja. Legeza magoti kidogo, kisha sukuma makalio nyuma mpaka yaguse ukuta. Kifua kitashuka chenyewe. Fimbo ibaki imegusa sehemu zote tatu.

Ikiachia kisogo au mfupa wa chini, umekunja mgongo. Rudi, anza tena. Ukihisi nyuma ya mapaja inavutika, umeipata.

Fanya mara 10 asubuhi na mara 10 jioni kwa wiki nzima kabla ya kwenda nayo shambani. Mama mdogo alichukua siku nne. Kosa lake lilikuwa kukunja magoti sana, anachuchumaa badala ya kukunjika. Nikamwambia awaze anafunga mlango wa banda kwa makalio huku mikono imebeba majani ya ng'ombe. Papo hapo akaipata, kwa sababu anafanya hivyo kila siku bila kujua.

Hatua ya 4: Mkao wa shambani

Mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, upana wa mabega. Mkono wa juu uwe karibu na kifua, wa chini karibu na usawa wa kitovu. Uzito uanzie mguu wa mbele. Peleka jembe mbele, liache litue, kisha hamishia uzito mguu wa nyuma na jembe litakuja lenyewe. Mikono inaongoza tu. Mvuto uwe mfupi, kama futi moja au moja na nusu. Ukivuta mrefu utamaliza ukiwa umejipinda.

Geuka kwa miguu, si kwa kiuno. Majani yako kulia? Piga hatua kulia. Kosa la kusimama mahali pamoja na kuzungusha kiuno kufikia mistari miwili ndilo lililonikaza mimi mwaka ule, wala sikuwa nimeinama sana.

Kila mstari badilisha mkono na mguu wa mbele. Upande usiouzoea utakuwa mzito na utakata mahindi mawili matatu. Samehe hayo mahindi.

Jambo moja linaamua kama hatua hii itafanikiwa: majani yawe madogo. Jembe refu linakata vizuri jani lenye urefu wa kidole, mizizi haijashika. Ukingoja palizi mpaka kishona nguo kifike gotini, hakuna mpini utakaokuokoa, utarudi kuinama na kung'oa. Pita mara ya kwanza mapema, wiki mbili hadi tatu baada ya mahindi kuota, hata kama shamba linaonekana bado safi. Pita udongo ukiwa umekauka juu baada ya mvua. Ule udongo mweusi wa Mabogini ukiwa umelowa unaganda kwenye jembe, na jembe la kilo moja linakuwa la kilo tatu.

Kwenye maharage yaliyopandwa katikati ya mistari, bapa pana litakata maharage. Hapo ama tumia jembe lililolika likawa jembamba, au piga goti moja chini kwenye kipande cha gunia na upalilie kwa mkono. Kupiga goti si uzembe. Mgongo unabaki umenyooka.

Hatua ya 5: Panga saa

Ukiamka asubuhi, visahani vilivyo kati ya pingili za mgongo vimefyonza maji usiku kucha na vimevimba. Ndiyo maana asubuhi mtu huwa mrefu kidogo kuliko jioni, na ndiyo maana asubuhi kiuno ni kigumu. Kuinama sana ndani ya saa ya kwanza tangu kuamka kunavibana visahani hivyo vibaya kuliko kuinama saa nne. Najua tunapenda kuwahi jua, na sisemi uchelewe. Nasema ile saa ya kwanza iwe ya kutembea kwenda shamba, kukamua ukiwa umekaa kwenye kigoda kilichoinuka kidogo, kunoa jembe, kutembelea mipaka. Mama mdogo anaamka saa 11, anatembea dakika 40 hadi shambani, anaanza jembe saa 12 na nusu. Inatosha.

Kila dakika 15, au kila mwisho wa mstari, lolote litakalotangulia, simama. Weka viganja kiunoni, vidole vikiangalia chini, sukuma nyonga mbele na egemea nyuma taratibu. Mara 5. Hii haichukui nusu dakika. Wengi wanaiacha kwa sababu bado hawajasikia maumivu. Ukingoja mpaka usikie, kano zimeshalegea.

Kila saa moja fanya kazi nyingine kwa dakika 10: kusanya majani uliyokata, rudishia mbegu, kunywa maji.

Onyo: ukimaliza kupalilia usiinue kitu kizito papo hapo. Tembea kwanza, angalau dakika 10, kabla ya kunyanyua ndoo, gunia au mtoto. Na mtoto wa mgongoni mlaze kivulini wakati wa palizi. Kanga iliyofungwa kiunoni haina ubaya, inaleta joto, lakini haizuii mgongo kukunjika, wala ule mkanda wa dukani haukufundishi kukunjika kwenye nyonga.

Kulima, kwa kifupi

Kutifua ardhi ngumu kunahitaji jembe zito na kuinuka na kushuka kwake. Hapo mpini uwe mrefu kiasi, usipite kifua, maana mrefu sana unakuwa mzito kuuongoza. Kunjika kwenye nyonga, tanua miguu, acha uzito wa jembe ndio ufanye kazi wakati wa kushuka. Usilipandishe juu ya kichwa. Geuza bonge la udongo kwa kulizungusha jembe, usilibebe hewani. Na kama unaweza kulipia ng'ombe au trekta kwa ekari hiyo moja, lipia hilo, kisha palizi ndiyo uibakize mikononi mwako. Mimi nafanya hivyo.

Hatua ya 6: Jenga nguvu, wiki nane kabla ya masika

Anza Januari, kazi ikiwa imepungua. Fanya siku tatu kwa wiki, kwa kuruka siku moja kila mara. Si asubuhi unapoamka, jioni ni bora. Mazoezi ni manne na yote yanaisha ndani ya dakika 25.

*La kwanza, mkono na mguu.* Piga magoti na viganja kwenye mkeka, kama mtu anayesugua sakafu. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma. Hesabu 10 polepole, rudisha, badilisha. Kiuno kisizame wala kisipinduke upande. Mtoto akikuwekea kikombe cha maji juu ya kiuno kisimwagike. Fanya mara 6 kila upande, pumzika, mara 4, pumzika, mara 2.

*La pili, ubavu.* Lala kwa ubavu, egemea kiwiko kilicho chini ya bega, magoti yamekunjwa. Inua nyonga mpaka mwili unyooke kuanzia bega hadi goti. Hesabu 10, shusha. Hesabu zile zile: 6, 4, 2, kila upande. Hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Mama mdogo wiki ya kwanza aliweza mara 2 tu, akaishia hapo.

*La tatu, daraja.* Lala chali, magoti juu, nyayo chini. Kaza makalio, inua nyonga, hesabu 5, shusha. Mara 10, pumzika, mara 10 tena. Ukihisi kazi iko kiunoni badala ya makalioni, umeinua juu mno. Shusha kidogo.

*La nne, ndoo.* Hili ndilo linalofanana na kazi yenyewe, nami nalipenda kuliko yote. Wiki mbili za mwanzo weka lita 10 kwenye ndoo, yaani kilo 10, na uipandishe juu ya kreti ya soda. Simama ndoo ikiwa katikati ya miguu. Sukuma makalio nyuma kama kwenye ukuta, shika mkono wa ndoo, simama kwa kukaza makalio. Rudisha juu ya kreti kwa njia ile ile. Mara 8, pumzika dakika mbili, rudia mara tatu jumla. Wiki ya tatu ongeza lita 2, na kila wiki lita 2 zaidi, ukiwa umelala salama usiku uliotangulia. Ukifika lita 20 bila shida, punguza ziwe 14, ondoa kreti, anza kuinua kutoka chini.

Ukubali hili: ndoo moja inakuvuta mbele kidogo na maji yanacheza. Ifunike kwa mfuniko. Ndoo mbili, moja kila upande, ni rahisi zaidi kwa mgongo kuliko moja, kwa hiyo ukiwa nazo mbili gawanya maji.

Ilivyokwenda kwa mama mdogo

Wiki ya kwanza ya palizi, kwa mpini mpya, alikwenda polepole kuliko kawaida yake. Siku ya kwanza mistari mitano, na aliudhika kwa sababu jirani alimaliza tisa. Lakini kesho yake aliamka akaenda tena, jambo ambalo misimu iliyopita halikuwepo, maana siku ya pili ilikuwa ya kulala na kusuguliwa dawa ya misuli. Siku ya nne alifika mistari minane. Maumivu hayakuisha yote. Yalibaki yale ya uchovu wa jioni, yanayoondoka kwa usingizi, na siku moja alipoinua gunia la majani ya ng'ombe bila kungoja zile dakika 10 alishikwa siku mbili.

Mambo yakienda kombo

*Jembe linateleza juu ya udongo, halikati.* Rudi hatua ya 2. Mara nyingi ni butu, mara chache ni mkao. Usiongeze nguvu.

*Kiuno kimepona, sasa mabega yanauma.* Unavuta kwa mikono badala ya kuhamisha uzito wa miguu, au mkono wa juu umeushika juu ya bega. Ushushe.

*Sijui kama maumivu haya niyavumilie.* Kipimo ni kesho asubuhi. Kama yamerudi yalivyokuwa jana, endelea. Kama yameongezeka, leo fanya nusu ya kazi ya jana, na kwenye ndoo rudi wiki mbili nyuma.

*Yanashuka mguuni.* Angalia yanasafiri kwenda wapi. Siku zikipita yakipanda kutoka kisiginoni kuja pajani, kisha kiunoni, ni dalili nzuri hata kama kiunoni yameongezeka kidogo. Yakizidi kushuka, au mguu ukapoteza nguvu, acha na utafute fiziotherapia. Hospitali ya KCMC pale Moshi wanayo idara yake.

*Nimekazika leo, siwezi hata kuvaa viatu.* Usilale siku tatu. Lala chali miguu juu ya kreti dakika 10, amka, tembea ndani ya ua, rudia mara kadhaa mchana. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kanga inasaidia. Diklofenaki za duka la dawa zisigeuzwe chakula cha msimu mzima. Zinachoma tumbo na kuumiza figo, hasa ukizimeza na njaa juani ukiwa hujanywa maji, na mwenye presha au vidonda vya tumbo aulize kwanza.

*Mpini wangu umepungua.* Hili lilimtokea mama mdogo kweli. Baba mdogo aliuona mrefu, hauingii stoo, akaukata kwa msumeno sentimita 30, akamwambia amemsaidia. Uchore mstari wa rangi nyekundu karibu na mwisho wa juu na uwaambie wa nyumbani maana yake. Kisha tafuta mahali pa kuutundika, misumari miwili ukutani chini ya paa la banda, uwe umelala.